Setapu iliyobeba abiria: maswali kuhusu programu za kudandia kwenye Windows

Maswali haya yamekusanywa kwenye meza ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga. Karibu yote yanaanza hivi: "Fundi, mimi sijaweka kitu." Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana setapu nyingi hazina Kiswahili. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Programu ya kudandia ni nini?

Umepakua programu moja, tuseme ya kubadilisha video. Unapoisakinisha (kuinstoli, kama tunavyosema dukani), zinaingia na nyingine ambazo hukuzifuata: kivinjari kipya, antivairasi ya majaribio, upau wa kutafutia, "kisafisha kompyuta" kinachodai kimekuta makosa 800. Hizo zimedandia kama kijana anavyodandia fuso inayopanda mlima. Dereva hakupita kituoni kumchukua, lakini anafika naye.

Tofauti ni kwamba dereva wa setapu anajua abiria wapo, na kila abiria amelipiwa. Mwenye programu ya bure hupata malipo kwa kila kompyuta iliyokubali ofa. Ndiyo maana kurasa za setapu hizi hupangwa ili kukubali kuwe rahisi na kukataa kuwe kazi.

2. Kwa hiyo ni virusi?

Kwa kawaida siyo. Kirusi hakikuombi ruhusa. Hawa huomba, ila kwa namna ambayo utajibu "ndiyo" bila kujua umeulizwa. Kampuni za antivairasi huziita programu zisizotakiwa, na baadhi ya antivairasi haziziondoi mpaka uwashe mpangilio wake (swali la 13).

3. Si zinatoka tovuti za ovyo tu? Mimi napakua vitu vinavyojulikana.

Hapana. Kwa miaka mingi setapu ya Java kwenye Windows ilikuja na Ask Toolbar, kisanduku chake kikiwa tayari kimetiwa tiki. SourceForge, ghala la programu huria lililokuwa likiaminika, lilianza mwaka 2013 kufunga baadhi ya programu ndani ya setapu zenye ofa. Mwaka 2015 kelele zikawa nyingi, hasa kwa sababu ya GIMP, programu ya kuhariri picha, na mwaka 2016 wamiliki wapya wakaufuta mpango huo. FileZilla, programu ya kuhamisha mafaili, nayo imekuwa ikitoa setapu ya Windows yenye ofa kwenye tovuti yake yenyewe, na isiyo na ofa ipo kwenye kiungo kidogo cha chaguo za ziada. Jina la faili lenye neno `sponsored` ndilo la kukushtua.

Kwa hiyo jina kubwa halikupi ruhusa ya kubonyeza `Next` ukiwa umefumba macho.

## Ndani ya setapu

4. Nikichagua `Custom` badala ya `Express`, si nimemaliza?

Umeanza vizuri, lakini hujamaliza. `Express`, `Recommended`, `Typical` na `Quick` maana yake ni "nifanyie kila kitu bila kuniuliza", na ndani ya kila kitu ofa zimo. `Custom` au `Advanced` hukuonyesha orodha, na hapo ndipo visanduku vyenye tiki huonekana ukavitoa. Mara nyingine `Custom` huandikwa kwa rangi iliyofifia na maneno ya kutisha kidogo, eti ni ya wataalamu tu. Ibonyeze. Kinachofuata mara nyingi ni folda ya kuwekea programu na visanduku viwili vitatu.

Tatizo ni setapu ambazo ofa zao haziko kwenye orodha hiyo kabisa. Zina ukurasa wake peke yake, na utaletewa hata kama umechagua `Custom`. Huo ndio unaowashinda watu wengi, kwa hiyo swali linalofuata lina jibu refu.

5. Ukurasa una maandishi mengi na vitufe `Accept` na `Decline`. Nitajuaje kama ni leseni ya programu yangu au ni ofa?

Watu hudhani wanakataa leseni, na kwamba wakikataa setapu itafungwa. Kwa hiyo wanabonyeza `Accept`. Mtengenezaji wa ukurasa anaitegemea dhana hiyo: ofa anaivisha nguo za leseni, yaani kisanduku kile kile cha maandishi madogo, mahali pale pale, kitufe kile kile.

Cha kwanza cha kutazama ni jina. Usisome maandishi yote, tafuta jina la programu linalotajwa kwenye ukurasa huo, hasa juu kabisa na kwenye sentensi iliyo karibu na vitufe. Kama umepakua programu inayoitwa A, na ukurasa unakutaka ukubali masharti ya B, hiyo ni ofa. Jina la dirisha, lile la kwenye ukingo wa juu, usilihesabu. Litaendelea kusema A kwenye kurasa zote, kwa kuwa ni setapu ya A inayoendeshwa.

Cha pili ni tabia ya vitufe. Kwenye leseni ya kweli, usipokubali huendi popote: `Next` hubaki imefifia, au setapu hukuuliza kama unataka kutoka. Kwenye ofa, ukibonyeza `Decline` setapu husonga mbele kama kawaida. Kwa hiyo jaribio halina gharama. Kila ukiwa na shaka bonyeza `Decline`. Ikiwa ilikuwa leseni, baya zaidi ni kuanza setapu upya.

Cha tatu ni hesabu. Kwa kawaida programu moja ina leseni moja. Ukishakubali leseni, kisha ukurasa wa pili unakuja na `Accept` nyingine, tayari una sababu ya kusimama.

6. Kitufe cha `Decline` kimefifia, kama hakifanyi kazi. Nifanyeje?

Kibonyeze hivyo hivyo. Rangi ya kijivu kwenye Windows kwa kawaida ina maana kitufe kimezimwa, na wabunifu wa ofa huiazima rangi hiyo kwa kitufe kinachofanya kazi vizuri kabisa. Ukitaka uhakika, bonyeza `Tab` mara kadhaa na utazame mstari wa kuzunguka unaporuka kutoka kitufe hadi kitufe. Ukitua juu ya `Decline`, kitufe ni kizima, bonyeza mwambaa nafasi. Usibonyeze `Enter`, maana kwenye baadhi ya setapu `Enter` hubaki ya kitufe kilichokolezwa, yaani `Accept`.

Baadhi ya setapu huchora kurasa zao kama picha, na hapo `Tab` haikusaidii. Peleka kipanya juu ya neno lenyewe. Wakati mwingine kukataa siyo kitufe, ni neno dogo `Skip` au `No thanks` pembeni, lisilo hata na mstari chini yake. Ukikuta `Skip All`, ndiyo hiyo. Inaruka ofa zote kwa mkupuo.

7. Na kama hakuna kisanduku wala `Decline`?

Soma sentensi iliyo juu ya `Next`. Inaweza kusema kwamba kwa kubonyeza `Next` unakubali kusakinisha kitu fulani. Hiyo ni ofa isiyo na mlango wa kutokea. Bonyeza `Cancel` na utafute programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Sijawahi kuona programu ya bure isiyo na mbadala kiasi cha kuvumilia hilo.

Kuna pia sentensi za kuzunguka, zile za "toa tiki kama hutaki kutopokea". Wala usizifumbue kwa haraka. Rudia kuisoma polepole ukijiuliza swali moja tu: tiki ikibaki, kitu kinaingia au hakiingii?

8. Naomba mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu mmoja kutoka Muheza alileta laptopu ikiwa na ukurasa wa mwanzo asioujua, matangazo yakiruka kwenye kona ya skrini, na antivairasi mbili zikigombana. Alisema ameweka kitu kimoja tu, programu ya kubadilisha video ya mahafali iwe MP4. Faili lilikuwa bado kwenye folda ya `Downloads`, nikalinakili kwenye kompyuta yangu ya majaribio na kulifungua naye akiwa pembeni.

Kabla hatujaanza, ukubwa: MB 2 na kidogo. Programu ya video haiwezi kuwa ndogo hivyo. Faili la namna hii ni mpakuaji tu, linaloleta programu yenyewe kutoka intaneti, na pamoja nayo huleta ofa za siku hiyo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa karibu. Wa pili, leseni. Jina lilikuwa la programu ya video, na `Next` ilikuwa imefifia mpaka nikatia tiki. Hiyo ilikuwa halali. Wa tatu ulikuwa `Express (recommended)` kwa herufi nzito, na `Custom` kwa kijivu. Mwalimu akacheka, alikumbuka kwamba aliiacha ya kwanza. Nikachagua ya pili. Ikatokea folda, pamoja na visanduku viwili vyenye tiki vya kubadilisha ukurasa wa mwanzo na injini ya kutafutia. Nikavitoa.

Wa tano ndio ulimkamata. Ulifanana na leseni kwa kila kitu, ila jina la ndani lilikuwa la kiongezi cha kivinjari. "Hii si nilishakubali?" akauliza. Ndiyo hasa alivyofikiri siku ile pia. Nikabonyeza `Decline`, setapu ikaendelea bila malalamiko. Wa sita ulikuwa antivairasi ya majaribio, `Accept` ya kijani na `Skip` ndogo chini kushoto. Nikaruka. Ndipo upakuaji ukaanza.

Mwisho, kwenye `Finish`, kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja cha kufungua programu, na kingine cha kufungua ukurasa wa "ofa maalumu". Nilitoa tiki ya pili. Wengi huchoka wakifika hapo, na mtengenezaji analijua hilo.

Kurasa saba, sehemu nne za kukataa, na programu ya video ikafanya kazi sawasawa. Kesho yake nilifungua faili lile lile tena, na ukurasa wa sita haukuwa wa antivairasi tena. Ulikuwa wa kivinjari.

9. Mbona video ya maelekezo niliyoitazama haikuonyesha kurasa hizo?

Kwa sababu ofa huletwa wakati setapu inaendeshwa, na huchaguliwa kwa nchi uliyopo na kwa vitu vilivyomo kwenye kompyuta tayari. Mwenye kivinjari fulani hapewi ofa ya kivinjari hicho. Kwa hiyo usikariri "ukurasa wa tano, kitufe cha kushoto". Kinachofaa kukariri ni vipimo vya swali la 5.

10. Nimeshabonyeza `Accept` ndipo nikagundua. Narudi vipi?

Kama `Back` iko hai, rudi na ukatae. Setapu nyingi husubiri mpaka `Install` ya mwisho, kwa hiyo hujapoteza kitu. Nyingine huanza kuleta ofa kimyakimya pale pale unapokubali. Ikiwa `Back` imefifia, bonyeza `Cancel`, thibitisha kutoka, kisha kagua orodha ya programu (swali la 14) hata kama setapu imesema haikuweka chochote.

## Kabla ya kufungua setapu

11. Nimepewa setapu kwenye flashi na rafiki. Si salama kuliko kupakua?

Ni nafuu kwa bando. Usalama ni jambo jingine. Kama ni mpakuaji mdogo wa aina ya swali la 8, ofa zitaletwa upya kwenye mashine yako hata kama kwa rafiki hazikutokea.

Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, `Properties`, kisha `Digital Signatures`. Hapo linaonekana jina la aliyelisaini. Umepewa VLC lakini aliyesaini siyo VideoLAN? Basi mtu mwingine ameifunga upya. Dirisha la Windows linalouliza kama unaruhusu mabadiliko nalo huonyesha jina hilo hilo kwenye mstari wa `Verified publisher`. Lakini saini inakuambia nani, haikuambii kama ndani hamna ofa. Wenye ofa nao husaini.

12. Nikizima intaneti ofa hazitakuja?

Mara nyingi hazitakuja, ikiwa setapu ni kamili, yenye programu yote ndani. Ukurasa wa ofa huomba mtandao, haupati, setapu inauruka. Kwa mpakuaji mdogo hila hii haifai, kwani programu yenyewe haitafika. Na kuna setapu zilizobeba ofa ndani yake tayari, hizo hazijali mtandao. Mimi huzima data inapowezekana, na bado nasoma kila ukurasa.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuepuka kurasa kabisa. Windows 11, na Windows 10 zisizo za zamani sana, zina amri ya `winget`. Huchukua setapu kwenye anwani iliyosajiliwa kwa programu hiyo na kuilinganisha na alama ya utambulisho kabla ya kuiendesha. Fungua `Terminal` au `Command Prompt`, andika:

```
winget install --id VideoLAN.VLC -e
winget install --id 7zip.7zip -e
```

Kama programu haipo humo, nenda tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kwenye kurasa za kupakulia, kitufe kikubwa cha kijani chenye neno `Download` mara nyingi ni tangazo. Weka kipanya juu yake bila kubonyeza na usome anwani inayotokea chini ya kivinjari.

13. Windows yenyewe haiwezi kuzizuia?

Inaweza kwa kiasi. Fungua `Windows Security`, `App & browser control`, kisha `Reputation-based protection settings`. Chini ya `Potentially unwanted app blocking` kuna visanduku viwili. `Block apps` hukagua mafaili yaliyokwisha kuingia, hata yaliyopakuliwa kwa Chrome. `Block downloads` hufanya kazi ndani ya Edge tu. Washa vyote viwili. Mpangilio huu ulikuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2020. Kompyuta za Windows 7 ambazo bado naletewa hazina.

Ukitaka kuhakikisha bila kupita kwenye menyu, fungua PowerShell kwa haki za msimamizi:

```
Get-MpPreference | Select PUAProtection
Set-MpPreference -PUAProtection Enabled
```

Mstari wa kwanza ukitoa 1, imewashwa. Ukitoa 0, haijawashwa, na mstari wa pili unaiwasha. Kuna mipaka miwili. Ukiwa na antivairasi nyingine, ulinzi wa Windows hukaa pembeni, na itabidi utafute mpangilio kama huo ndani ya hiyo nyingine. Pili, kivinjari halali kutoka kampuni halali hakitazuiwa hata kama hukukitaka.

## Zilizokwisha kuingia na mambo ya pembeni

14. Zimeshaingia. Natoaje?

Bonyeza `Windows` + `R`, andika `appwiz.cpl`, kisha bonyeza kichwa cha safu ya `Installed On` ili orodha ijipange kwa tarehe. Zilizoingia siku moja na programu uliyoitaka ndizo washukiwa. Ondoa moja moja, na usome dirisha la kuondoa kwa umakini ule ule. Baadhi huuliza kwa hila kama "ungependa kubaki", na kitufe kilichokolezwa ni cha kubaki.

Kuondoa programu uliyoitaka hakuwaondoi wadandiaji. Kila mmoja ana njia yake ya kutoka. Kivinjari nacho kina makazi yake: kwa Chrome fungua `chrome://settings/reset`, kwa Edge `edge://settings/reset`, na angalia viongezi kabla ya hapo. Kinachong'ang'ania hupitishwa AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure, ipakue kwao wenyewe.

15. Nilikataa zote, miezi miwili baadaye zikatokea.

Ulisasisha programu? Sasisho la programu nyingi ni setapu nzima inayoendeshwa upya, na kukataa kwako kwa zamani halikukumbuki. Watu wa Java walikutana na kisanduku kile kile cha Ask kwenye kila sasisho. Dirisha la sasisho lisome kama setapu mpya.

16. Kompyuta ya ofisini hainipi haki za msimamizi. Bado naweza kudandiwa?

Ndiyo. Programu zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji, `%LocalAppData%`, hazihitaji nenosiri la msimamizi. Viongezi na vivinjari vingi hutumia njia hiyo. Dirisha la ruhusa la Windows halitatokea, kwa hiyo kutoliona kusikutulize.

17. Na programu zilizokrakiwa?

Kwa hizo ukurasa huu haufai. Aliyeifunga setapu siyo mwenye programu, na hana sababu ya kukuonyesha `Decline`. Kinachoingia huingia bila ukurasa wowote, na wengine hukuagiza uzime antivairasi kwanza.